Majibu ya Kukataa Papo Hapo

Birika la umeme la wati 2000 lina maji lita moja na nusu. Maji yametoka bombani yakiwa na nyuzi 25, nawe unataka yachemke. Yatachukua muda gani? Hili ni swali la kawaida la fizikia ya sekondari, na yeyote aliyewahi kuchemsha maji ya chai kwa birika la namna hiyo analijua jibu kabla hajashika kalamu: dakika chache tu, nne au tano hivi. Hata hivyo, ukisahihisha madaftari ya darasa zima, hukosi kukuta sekunde 0.2, saa 65, au 0.004 iliyoachwa hivyo hivyo bila kusema ni 0.004 ya nini. Na kila jibu limepigiwa mistari miwili kwa rula, ishara kwamba mwenyewe ameridhika nalo.

Kikokotoo hakina kosa. Kimepewa namba kikazigawanya. Kuuliza kama namba iliyotoka inaweza kweli kuwa muda wa kuchemsha maji ni kazi ya mwenye kalamu. Kwa hesabu za joto anaweza kuuliza kwa namna tatu: je, vizio vinakubaliana na swali? Je, ukubwa wa namba unaaminika? Je, sheria za joto zinaliruhusu jibu hili? Hakuna swali moja kati ya haya linalotosha peke yake. Yapo makosa yanayopita kwenye la kwanza yakanaswa na la pili, na yapo, tena ndiyo mazuri zaidi, yanayopita kwenye yote mawili yakaja kukwama kwenye la tatu.

Tuanze na birika lenyewe. Kilo moja ya maji ikipanda nyuzi moja hula jouli 4186 hivi za joto. Lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, na kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni kupanda nyuzi 75. Zidisha 1.5 kwa 4186 kwa 75, unapata jouli 470,925, tuseme 471,000. Wati 2000 maana yake ni jouli 2000 kila sekunde. Basi gawanya 471,000 kwa 2000, na jibu ni sekunde 235, karibu dakika nne. Birika halisi litazidisha kidogo, kwa sababu nalo lenyewe linapata moto na linapoteza joto hewani.

Sasa yule aliyepata 0.004 alifanyaje? Aligeuza mgawanyo: 2000 juu, 471,000 chini. Kama angeandika vizio pamoja na namba zake, asingefika mbali. Juu kuna jouli kwa sekunde, chini kuna jouli. Jouli zinafutana, kinachobaki ni “kwa sekunde”, yaani moja gawanya kwa sekunde. Swali liliuliza sekunde. Jibu lenye “kwa sekunde” haliwezi kuwa muda, hata namba yake ingekuwa nzuri kiasi gani, kwa hiyo linakataliwa bila hata kuangalia kama mgawanyo umefanywa sawasawa.

Inapendeza kujua kwamba ukaguzi huu ulizaliwa ndani ya somo hili hili la joto. Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 juu ya namna joto linavyosambaa, ndiye aliyeonyesha kwamba kila upande wa mlinganyo lazima uwe na vipimo vya aina moja: urefu usawazishwe na urefu, muda na muda, joto na joto. Mlinganyo usiotimiza sharti hilo hauna maana, iwe hesabu yake imefanywa na mwanafunzi au na profesa.

Lakini vizio havioni kila kitu. Yule wa saa 65 aliligawanya joto kwa 2 badala ya 2000, kwa sababu kwenye birika pameandikwa 2 kW naye akaiacha ile “kilo”. Jibu lake, 235,500, lina sekunde zake kamili, vizio vimenyooka. Linalomkamata ni ukubwa: hakuna anayeweka birika Ijumaa asubuhi ili anywe chai Jumapili usiku. Vivyo hivyo, vizio havijui tofauti kati ya kitu kizima na nusu yake. Kanuni ikiwa na nusu ndani yake na mtu akaisahau, vizio vitapita tu, kwa kuwa nusu haina kizio.

Kuna kosa la tatu kwenye birika hili ambalo ni jepesi kufanya na gumu kuliona. Mwanafunzi amefundishwa kwamba katika fizikia halijoto hupimwa kwa Kelvini, na kwamba ili kupata Kelvini unaongeza 273 kwenye Selsiasi. Anachukua zile nyuzi 75, anaongeza 273, anapata 348, anazidisha. Muda unatoka sekunde 1093, dakika 18 na kidogo. Vizio vimenyooka, na dakika 18 si namba ya kuchekesha. Sufuria juu ya jiko la mkaa lingeweza kuchukua muda kama huo. Atakayeshtuka ni yule anayelijua birika la umeme. Kosa lenyewe ni kwamba 75 haikuwa halijoto, ilikuwa tofauti ya halijoto mbili, na tofauti ya nyuzi 75 za Selsiasi ni Kelvini 75 vilevile. Ile 273 huongezwa kwenye halijoto yenyewe, haiongezwi kwenye umbali kati ya halijoto mbili. Iweke akilini namba hii, maana mbele kidogo itatutia kwenye kosa la kinyume chake.

Sasa tuje kwenye hesabu ninayoiona bora kuliko zote za kufundishia jambo hili, kwa sababu ndani yake kila kitu kimefanywa sawasawa na bado jibu haliwezekani.

Katika jagi kuna gramu 200 za maji yenye nyuzi 30. Unatia gramu 200 za barafu yenye nyuzi 0. Jagi lenyewe tusilihesabu, na tuseme joto la chumba halipenyi. Mwishowe mchanganyiko utakuwa na nyuzi ngapi? Mwanafunzi makini anakumbuka kwamba barafu inapoyeyuka hula joto bila kupanda nyuzi hata moja, lile joto fiche, jouli 334,000 kwa kila kilo. Anaandika kwamba joto lililotoka kwenye maji ni sawa na joto lililoingia kwenye barafu:

0.2 × 4186 × (30 − T) = 0.2 × 334000 + 0.2 × 4186 × T

Upande wa kushoto ni maji yakipoa kutoka 30 hadi T. Upande wa kulia ni barafu ikiyeyuka, kisha maji yaliyotokana nayo yakipanda kutoka 0 hadi T. Vizio ni jouli pande zote mbili. Fourier asingekuwa na la kusema. Anafungua mabano, anakusanya, anagawanya: T = −24.9. Rudia hesabu mara ngapi utakazo, ni −24.9 tu. Nayo si namba ya ajabu kwa ukubwa wake. Friza nzuri ya duka la nyama inaweza kufika huko.

Ila soma swali upya. Umechanganya kitu chenye nyuzi 30 na kitu chenye nyuzi 0, hakuna friza, hakuna mashine, hakuna chochote kingine, na unaambiwa mchanganyiko umekuwa baridi kuliko barafu yenyewe. Vitu viwili vikigusana, joto hutoka kwenye chenye moto kwenda kwenye chenye baridi mpaka vilingane. Kwa hiyo halijoto ya mwisho haiwezi kuwa juu ya ile ya juu wala chini ya ile ya chini. Itakuwa mahali fulani kati ya 0 na 30. Jibu la −24.9 halihitaji kuhakikiwa. Linakataliwa palepale.

Kulikataa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuliza jibu hili baya linatuambia nini, na hapo ndipo penye faida. Hesabu ni sahihi na vizio ni sahihi, basi kosa liko kwenye kile tulichokidhania kabla ya kuandika. Tazama upande wa kulia: tumeandika 0.2 × 334000, yaani gramu zote 200 za barafu zimeyeyuka. Nani alituambia zimeyeyuka zote? Tumejiambia wenyewe. Mlinganyo ukalazimika kulipia barafu yote, na kwa kuwa maji hayakuwa na joto la kutosha, ukakopa joto ambalo halipo, na deni hilo ndilo lililotokea kama nyuzi 25 chini ya sifuri.

Tufanye hesabu kwa mpangilio unaofaa. Maji yale yakipoa mpaka nyuzi 0 yanaweza kutoa 0.2 × 4186 × 30, ambayo ni jouli 25,116. Barafu yote ili iyeyuke inataka 0.2 × 334000, ambayo ni jouli 66,800. Kilichopo ni kama theluthi moja na kidogo ya kinachotakiwa. Basi barafu haitaisha. Gawanya 25,116 kwa 334,000, unapata kilo 0.075: zimeyeyuka gramu 75, zimebaki gramu 125 zikielea kwenye gramu 275 za maji, na halijoto ya mwisho ni nyuzi 0 kamili. Jibu hili nalo tulikague. Sifuri iko kati ya 0 na 30, ingawa iko ukingoni kabisa. Gramu 75 ni chini ya 200. Uzito wote ni gramu 400 kama tulivyoanza. Linapita.

Wanaozizoea hesabu hizi wana njia ya kuona tatizo kabla hata ya kuandika mlinganyo. Gawanya 334,000 kwa 4186, unapata karibu 80. Maana yake, kuyeyusha barafu fulani hula joto sawa na kuyapandisha maji ya uzito huohuo nyuzi 80. Kwa hiyo barafu na maji vikiwa na uzito sawa, na maji yakiwa na chini ya nyuzi 80, barafu haiwezi kuisha. Maji yetu yalikuwa na 30. Mwenye namba hiyo moja kichwani angejua tangu mwanzo kwamba jibu ni sifuri, na kilichobaki ni kutafuta barafu kiasi gani imeyeyuka. Ndiyo sababu pia vipande vichache vya barafu vinapoza jagi zima la juisi, jambo ambalo maji baridi ya kiasi hichohicho hayawezi kulifanya.

Hatua ya mwisho ni ngumu kidogo, lakini ndiyo yenye makosa makubwa zaidi, hata kwa watu wenye shahada. Huko Olkaria, karibu na Naivasha katika Bonde la Ufa la Kenya, umeme umekuwa ukizalishwa kwa mvuke wa jotoardhi tangu mwaka 1981. Chukua mtambo wa mfano wa aina hiyo: mvuke unaingia kwenye tabo ukiwa na nyuzi 150, na upande wa pili unapozwa hadi nyuzi 45. Je, katika joto lote linaloingia, ni sehemu gani kwa upeo wake inaweza kugeuzwa kuwa kazi?

Swali hili lilijibiwa na Mfaransa mwingine, mhandisi kijana Sadi Carnot, mwaka 1824, miaka miwili tu baada ya kitabu cha Fourier. Kwa lugha ya leo, upeo wa ufanisi ni 1 − Tbaridi/Tmoto. Mwanafunzi anaweka 45 na 150 kama alivyopewa: 1 − 45/150 = 0.70. Asilimia 70. Haijazidi mia, na halijoto zimegawanyika, kizio kimefutika kama inavyotakiwa kwa ufanisi. Kwa haraka haraka unaweza kuipitisha.

Ikatae. Kwanza kwa ukubwa wake. Injini nzuri ya dizeli ya lori inafika asilimia 40 na kidogo. Mitambo bora kabisa duniani inayochoma gesi kwenye tabo kisha ikatumia moshi wake wa moto kutengeneza mvuke wa kuzungusha tabo la pili, utaratibu unaotumika pia Kinyerezi II jijini Dar es Salaam, ndiyo kwanza imepita asilimia 60, na huko gesi inawaka kwa zaidi ya nyuzi 1000. Mvuke wa nyuzi 150 hauwezi kuzishinda.

Pili kwa vizio, na hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu. Chukua mtambo huohuo, mvuke uleule, upime kwa Farenhaiti. Nyuzi 150 za Selsiasi ni 302, nyuzi 45 ni 113. Sasa 1 − 113/302 ni 0.63. Ufanisi wa mtambo umeshuka kutoka asilimia 70 hadi 63 kwa kubadilisha kipimajoto! Mtambo haujui mhandisi wake ameshika kipimajoto gani. Jibu linalobadilika ukibadilisha kipimo halikuwa jibu la mtambo tangu mwanzo. Kugawanya halijoto moja kwa nyingine kuna maana pale tu sifuri ya kipimo ni sifuri ya kweli, na sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapogandia tu. Ukitaka kuona inavyoharibika, poza upande wa pili hadi nyuzi 0: kanuni ileile itakupa asilimia 100. Shuka hadi −5, itazidi mia, na mtambo utakuwa unazalisha nishati kuliko inayoingia.

Sifuri ya kweli iko kwenye −273 na kidogo za Selsiasi, na hapa ndipo ile 273 inapostahili kuongezwa. Nyuzi 45 ni Kelvini 318, nyuzi 150 ni Kelvini 423. Moja kutoa 318/423 ni 0.25. Robo tu, tena hiyo ni dari. Mtambo halisi wa jotoardhi hupata chini yake, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 20. Angalia kinyume cha birika: kule kuongeza 273 kulituharibia, huku kutokuiongeza kumetuharibia. Kwenye birika tulikuwa na tofauti ya halijoto, huku tuna uwiano wa halijoto. Anayeshika kanuni kwa kukariri atakosea angalau mahali pamoja kati ya hapo.

Kutoka hapo ni rahisi kujua la kufanya na video zinazozunguka kwenye simu za jenereta inayozungushwa na mota, na mota hiyohiyo inazungushwa na jenereta, huku taa zikiwaka bila mafuta. Akademia ya Sayansi ya Paris ilichoka na mashine za namna hiyo tangu mwaka 1775, ikatangaza kwamba haitazichunguza tena. Ilikuwa imeokoa muda mwingi.

Lakini kukataa kuna mipaka yake, na mtu anaweza kuwa mwepesi mno. Muuzaji wa viyoyozi akikwambia kifaa chake kinakula kilowati moja ya umeme na kutoa chumbani kilowati tatu za joto, usimfukuze. Kiyoyozi hakigeuzi umeme kuwa baridi. Kinalihamisha joto kutoka ndani kwenda nje, na kuhamisha ni rahisi kuliko kutengeneza. Ndani kukiwa na nyuzi 25 na nje 35, dari ya Carnot kwa kazi hiyo ni 298 gawanya kwa 10, karibu 30. Tatu inakaa chini sana ya hapo. Akikwambia 40, hapo mfukuze.

Na kuna kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba huko Tanga, aliona maziwa ya aiskrimu aliyoyatia frizani yakiwa moto yameganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, waliliandika jambo hilo katika jarida la kitaaluma, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama hutokea kweli na kwa nini. Wapo waliolipima upya wasilione. Hata hivyo halikuwa jambo la kukataliwa papo hapo. Maziwa ya moto na ya baridi yote yalikuwa yanapoteza joto kwenda kwenye friza yenye baridi zaidi, hakuna sheria iliyovunjwa. Lilikiuka mazoea, na linalokiuka mazoea hupelekwa likapimwe. Barafu ya −24.9 haihitaji friza wala kipimajoto kukataliwa.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaosahihisha mitihani. Mwanafunzi akipata −24.9, akakosa muda wa kurudia, lakini akaandika pembeni “haiwezekani, jibu lazima liwe kati ya 0 na 30, pengine barafu haikuyeyuka yote”, mpeni alama nyingi kuliko aliyepata −24.9 na kuipigia mistari miwili.